Uniletee Pointi Zako Mwenyewe

Goma, mwisho wa Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Jumapili utavuka ziwa kwenda Bukavu, kuanza mwaka wa kwanza wa umanite, seksio ya sayansi, ukilala bweni kwa mara ya kwanza maishani mwako. Maneno mengi umeambiwa tayari na mama yako, na shangazi zako, na majirani wote wa hapa avenyu. Mimi nimechagua kukuandikia, kwa sababu maneno ya mdomo huishia bandarini, ila karatasi utaikuta sandukuni siku utakapoihitaji.

Nasaha zangu zina shina moja. Sikuombi uwe wa kwanza darasani. Nakuomba uniletee pointi zako mwenyewe, ndogo au kubwa, na uniambie jambo baya likiwa bado changa. Pointi usiyoistahili usiinunue, na pointi mbaya usiifiche. Yote nitakayosema hapa yanatoka katika hilo.

Nianze na safari, maana mwanafunzi lazima afike kwanza. Unakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova imejaa watu na mizigo, ikapinduka mbele ya Kituku, watu waliokuja kuwapokea ndugu zao wakiwa wamesimama pale pale ufukweni wanatazama. Boti haikuwa mbali na nchi kavu, lakini umbali mdogo hauokoi mtu asiyejua kuogelea, aliyebanwa na mizigo, asiye na jaketi la kuokolea. Kwa hiyo jaketi utalivaa kabla boti haijafungua kamba, utalifunga mikanda yote, na hutalivua mpaka ushuke. Vijana wa rika lako watalikalia kama mto na kukucheka. Waache wacheke. Na ukiona watu wanasimama kwa sababu nafasi za kukaa zimekwisha, shuka, hata kama tiketi imelipwa. Pesa ya tiketi nitaitafuta tena.

Ukifika, prefe wa masomo atawaita wapya na kuwaeleza kanuni. Msikilize vizuri, kisha rudi usome barua hii, maana mimi nataka kukueleza kitu ambacho wazazi wengi hapa Goma hawajawahi kukaa na watoto wao kukielewa: jinsi ya kusoma buletini.

Buletini ya mwaka ina semesta mbili. Kila semesta ina periodi mbili na mtihani. Kila somo lina kiwango chake cha juu cha pointi kwa periodi, na mtihani una uzito sawa na periodi mbili zikijumlishwa. Chukua somo lenye pointi 50 kwa periodi. Periodi ya kwanza ni 50, ya pili 50, mtihani 100, semesta nzima 200, mwaka mzima 400. Somo lenye pointi 10 kwa periodi litakupa 80 tu kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mtoto anaweza kujisifu kwamba ana alama nzuri katika masomo manane, halafu asilimia yake ikawa mbovu: masomo yake manane ni yale madogo, na hesabu imemwangusha peke yake. Ukipanda kwa sehemu moja ya kumi katika somo la 400 umepata pointi 40, nusu ya yote ambayo somo dogo linaweza kukupa kwa mwaka. Usidharau masomo madogo, lakini saa za usomaji wa jioni zigawe ukiijua hesabu hiyo.

Sasa tazama watoto wawili katika somo hilo hilo la pointi 50. Wa kwanza periodi ya kwanza amepata 20, periodi ya pili 24, na mtihani 62 kwa 100. Wa pili amepata 40, kisha 36, na mtihani 30. Jumlisha. Wote wawili wana 106 kwa 200, yaani asilimia 53. Mzazi anayetazama jumla peke yake atawapa wote mkono ule ule. Mimi sitafanya hivyo. Wa kwanza alianguka akajua ameanguka, akauliza, akaamka. Pointi zake mbili za mwanzo ziliandikwa kwa kalamu nyekundu, lakini mtihani unaonyesha kwamba sasa somo analielewa. Wa pili alianza kwa akili aliyotoka nayo shule ya zamani, akaitegemea hiyo, na masomo mapya yakampita. Semesta ya pili itamkuta hana kitu. Nikipewa kuchagua kati ya buletini hizo mbili, nitaichukua ya kwanza, pamoja na wekundu wake.

Kwa hiyo buletini yako sitaisoma kutoka chini kwenda juu. Nitaweka kidole kwenye kila somo na kufuata mstari wake kutoka kushoto kwenda kulia, na katika kila pointi inayoshuka nitakuuliza swali moja: ilikuwa nini? Jibu ninalolitaka ni la kazi. "Sikuelewa mlinganyo wenye herufi mbili" ni jibu. "Mwalimu ananichukia" si jibu, hata ikiwa kweli, kwa sababu halituambii la kufanya Jumatatu.

Tarajia kwamba periodi ya kwanza itakushtua. Mwaka wa nane uliumaliza hapa mjini, katika mwaka ambao vita viliingia Goma mwezi wa Januari, shule zikafungwa, na mliporudi walimu walikimbizana na programu ili muifikie TENASOSP. Kuna sura ambazo hamkuzifanya kabisa, na nyingine mlizinakili ubaoni bila mazoezi. Wenzako kutoka mahali pengine huenda walizifanya. Pointi zako za mwanzo zitaeleza pengo hilo, na pengo si aibu. Wiki ya kwanza, chukua madaftari yako ya mwaka wa nane, ya hesabu, fizikia na Kifaransa. Kwa kila sura ambayo huwezi kufanya zoezi lake bila kutazama mfano, andika jina lake kwenye karatasi. Karatasi hiyo mpelekee mwalimu, si mwenzako wa kitanda cha juu, umwombe akuambie ni zipi za kuanza nazo. Mwalimu anayeletewa orodha namna hiyo hujua mtoto huyu amekuja kusoma.

Kifaransa nakukazia zaidi, kwa sababu ndicho kinachowaangusha watoto wetu bila wao kujua. Mtoto wa Goma anafikiri kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, halafu swali la fizikia linamjia kwa Kifaransa, naye anakosa fizikia ambayo kichwani mwake anaijua. Soma ukurasa mmoja kwa sauti kila siku. Neno usilolijua liandike, na kesho yake ulitumie katika sentensi yako mwenyewe. Ukifika mwaka wa nne, insha ya Mtihani wa Serikali hufanywa kabla ya siku nne za kikao cha kawaida, na hakuna mtu anayejifunza kuandika insha kwa mwezi mmoja.

Mimi ni mwashi, wewe umeniletea maji na chokaa tangu ukiwa mdogo, kwa hiyo hili utalielewa. Ukuta wa mawe ya volkeno ukipinda unene wa kidole katika safu ya tatu, macho hayaoni kitu. Timazi ndiyo inayoona. Fundi mwenye aibu huendelea kupanga mawe akitumaini kurekebisha juu, na kwenye lenta ukuta umetoka kiganja kizima, hapo hakuna dawa ila kubomoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi yeyote wa Goma anajua ukuta wa pili hugharimu kuliko wa kwanza. Pointi ya periodi ya kwanza ni timazi yako. Usiikasirikie.

Sasa nije kwenye pointi za kununua, maana wewe si mtoto tena, na mambo haya utayakuta.

Itakuja siku ambapo mwenzako atakwambia kwamba fulani anaweza "kupangiwa". Atasema kuna mchango mdogo, kila mmoja atoe kitu, na kwamba kila mtu anafanya. Mwanzoni itaitwa zawadi, au sukari ya mwalimu. Katika mwaka wa mwisho itaitwa majina mengine, na kiasi kitakuwa kikubwa zaidi. Mimi nakuambia tangu leo: katika mchango huo jina lako halimo. Wakikuuliza kwa nini, sema baba yako amekataa. Nitupie mimi lawama, mabega yangu ni mapana.

Wala usidhani nasema haya kwa ajili ya uchamungu tu. Fikiria jinsi Mtihani wa Serikali unavyofanyika. Kikao cha kawaida ni siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya chaguo lako. Maswali ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa, na karatasi ya majibu husahihishwa kwa mashine. Watahiniwa katika chumba kimoja hawapewi daftari moja la maswali. Kuna seri mbalimbali, na jibu la swali la saba katika seri yako si jibu la swali la saba katika seri ya jirani. Hapo ndipo wanapoangamia wale wanaolipia majibu yanayozunguka kwenye simu. Wanapata orodha ya namba, wanainakili kwa furaha, kumbe ni namba za seri nyingine, au hazina asili kabisa, mtu amezitunga usiku ili auze. Mashine haina huruma wala haina undugu. Husoma seri uliyoiandika na majibu uliyoyajaza, basi. Mtoto aliyekuwa na uwezo wa kupata asilimia 54 kwa akili yake anaondoka na sifuri aliyoilipia kwa dola za mama yake anayeuza sambaza sokoni.

Na tuseme hila imefaulu, akapata diploma. Siku ya matokeo watammwagia pudre kichwani, mtaa mzima utapiga kelele, picha zitapigwa. Mwezi wa Oktoba anaingia chuo kikuu, mwalimu anaandika ubaoni, naye hajui mlinganyo wa darasa la kwanza la umanite. Kule hakuna anayejali pudre yake. Anarudia mwaka wa kwanza, kisha anaacha, na familia imelipa mara tatu: hila, ada, na ada tena. Wako wengi hapa mjini. Huwatambui kwa sababu hawasemi. Wanasema tu kwamba chuo kilikuwa na matatizo.

Ukiniletea asilimia 52 zilizo zako, mimi nina mahali pa kuanzia. Ukiniletea 75 zisizo zako, sina kitu mkononi, kwa sababu hata mimi sitajua nikusaidie wapi.

Chini ya buletini kuna mistari miwili ambayo watoto hawaitazami: bidii na mwenendo. Haiingii katika hesabu ya asilimia, lakini prefe anaitazama kabla ya kuamua nani atapokelewa mwaka ujao, na mimi nitaitazama kabla ya pointi. Mwenendo katika bweni ni mambo madogo yanayorudiwa kila siku. Kengele ikilia, umesimama. Zamu yako ya kufagia au kujaza mapipa ya maji umeifanya kabla ya kuulizwa. Taa zikizimwa, umenyamaza. Mtu asiyeweza kutii kengele hatatii ratiba yake mwenyewe.

Chakula kitakuwa bugali na maharagi, kesho maharagi na bugali, na siku nyingine sombe isiyofanana na ya mama yako. Kula. Mama amekuwekea unga wa masoso, sukari, na karanga za kukaanga, na amevipima vifike likizo ya Noeli. Ukivimaliza Septemba kwa kutaka sifa za bweni zima, Novemba utakuwa unaomba. Lakini mwenzako aliyekuja na sanduku tupu, na wapo, hasa wale ambao wazazi wao walikimbia kutoka Masisi na Rutshuru wakaacha kila kitu, mgawie bila kutangaza.

Kuhusu afya, kanuni ni ile ile ya pointi: sema mapema. Homa ikikushika usiku, mwamshe msimamizi usiku huo huo, usingoje asubuhi ukihofia kuambiwa unadeka. Malaria ya siku moja hutibiwa kwa vidonge, ya siku nne hubebwa kwa machela. Na ukianza kuharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, hata bila maumivu, hiyo huenda ni kipindupindu, na kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache, kwa kumkausha maji mwilini. Usisubiri kuona kama itapita. Nenda zahanati ya shule ukiwa bado unaweza kutembea, na njiani uanze kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea mwili maji, kama yapo. Maji ya ziwa usinywe kamwe, hata yakionekana safi kama kioo. Kidumu chako kina mfuniko, ufunge. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Nisikilize sasa kuhusu wakubwa wa bweni. Utawaita yaya, kama tunavyowaita wakubwa hapa nyumbani, na heshima hiyo ni halali yao. Yaya akikutuma maji, nenda. Akikuomba umfulie shati mara moja, si mwisho wa dunia. Lakini ipo mipaka, na mipaka hiyo naiweka mimi, kwa hiyo usijiulize kama ni yako. Mtu asikupige. Asichukue pesa yako wala chakula chako kwa nguvu. Asikuamuru uvue nguo, wala asikuite mahali penye giza au palipojificha. Asikwambie "hii ni siri yetu sisi watu wa bweni." Siri ya namna hiyo ni ya mwizi. Likitokea lolote kati ya hayo, usipigane na usinyamaze. Mwambie mkurugenzi wa nidhamu siku hiyo hiyo, na asipokusikia mwambie padiri, na asipokusikia omba simu ya msimamizi unipigie mimi. Nitapanda boti ya kwanza. Sitakuuliza ulifanya nini mpaka wakakutendea hivyo. Kumbuka pia kwamba mwaka ujao wewe ndiwe utakayekuwa yaya kwa wengine. Yale uliyoyachukia usiwarithishe wadogo.

Kuna swali ambalo utaulizwa usiku taa zikizimwa: "Wewe ni kabila gani?" Hapa kwetu Kivu swali hilo lina damu ndani yake, na wewe umeiona mwenyewe mwaka huu. Jibu kwa ukweli na bila aibu, kisha urudi kwenye mazungumzo mengine. Ila usikubali kubeba kinywani mwako lile neno la dharau ambalo watu hulitumia kwa kabila la mwenzako, hata kwa utani, hata wote wakicheka. Mtoto anayelala kitanda cha pili hakuamua vita vyovyote. Na wakija watu, shuleni au njiani wakati wa likizo, wakakwambia kwamba kijana mwenye nguvu kama wewe anapaswa kulinda kabila lake kwa bunduki, wawe wa upande wowote, wawe na majina mazuri kiasi gani, jibu lako ni kwamba wewe ni mwanafunzi na baba yako anakungoja. Kisha ondoka hapo, umwambie mtu mzima wa shule. Wanaokusajili ukiwa na miaka 15 hawana watoto wao katika mstari wa vita.

Nimalizie na pesa. Tangu Januari mabenki mengi ya Goma yamefungwa, na wewe unajua jinsi pesa ilivyo ngumu. Ada yako ya sehemu ya kwanza nimeipata noti kwa noti kutoka kwa watu waliokuwa na deni langu la kazi. Niliyokupa imefungwa ndani ya karatasi kavu, usiikunjekunje, maana dola ikichanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea, na hiyo ni hasara yetu sote. Mlipe mhasibu mwenyewe, siku ya kufika, kabla hujatandika godoro. Dai risiti. Soma risiti hapo hapo dirishani: jina lako, darasa lako, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, mhuri. Kikikosekana kimoja, usiondoke. Mtoto mwenye risiti harudishwi nyumbani katikati ya periodi kwa deni ambalo baba yake amelipa.

Pesa ya mfukoni ni kidogo, na nimeipunguza kwa makusudi. Nunua daftari dogo, uandike kila franka inayotoka na imekwenda wapi. Likizoni utanionyesha. Sitakugombeza kwa mandazi. Nitakugombeza kwa ukurasa mtupu. Na usikope kwa mwenzako, hata franka 500, kwa sababu katika bweni deni dogo hugeuka utumwa mdogo: leo umekopa, kesho unamfulia, kesho kutwa unamfanyia kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu.

Ukitaka nikutumie pesa ya jambo la lazima, nipigie kwa simu ya msimamizi, sema jambo lenyewe na kiasi chake, nami nitatuma kwa simu kwa jina la mtu mzima wa shule. Ujumbe wa kuandika kutoka namba nisiyoijua, unaosema "Papa, nimebadilisha namba, nitumie haraka", sitaujibu. Waongo wa mjini huu wanazijua shule zote.

Nami nina wajibu wangu, usidhani nimekuandikia wewe tu. Nitalipa ada kwa sehemu zake kwa wakati, na nikichelewa nitamwambia prefe kabla hajakuita wewe. Siku ya wazazi nitakuja, hata nikija na suruali yenye saruji. Ukiniletea habari mbaya mapema, sitapaza sauti. Mama yako ni shahidi, na una haki ya kunikumbusha ahadi hii mbele yake.

Kwa hiyo ninayoyangoja kwako ni haya. Mwisho wa Desemba ushuke Goma na buletini yako mkononi, si ndani kabisa ya sanduku chini ya nguo chafu. Unipe kabla ya kula. Ikiwa na wekundu, tutaketi mezani tufuate mstari kwa mstari tujue pa kurekebisha, kisha utakula. Ikiwa nzuri, tutaketi vilevile. Sahihi ya mzazi iliyo chini ya karatasi hiyo nitaiweka mimi mwenyewe. Usimruhusu mtu mwingine aiandike, na wewe mwenyewe usijaribu.

Nenda salama, mwanangu. Soma kwa bidii, sema kweli mapema, na ulete kilicho chako.

Ni mimi baba yako.